Namba ya skuna: kwanini 38 yako ya flati inakugomea kwenye kisigino kirefu, na jinsi ya kujipima mwenyewe

Wadada wengi tunajua namba moja tu, "mi navaa 38", na hiyo 38 tumeipata kwenye raba au kwenye flati za kazini, halafu ikija siku ya kutafuta skuna ya sendofu tunamtajia muuzaji hiyohiyo. Kiatu kinakuja, vidole vinabanwa mbele, na nyuma kisigino kinapwaya mpaka kidole cha mkono kinaingia. Hapo karibu kila mtu anasema "kimenibana, niletee 39". Akivaa 39 pale dukani kwa dakika mbili tatu anaona afadhali, akifika ukumbini saa moja baadae vidole vinalia kuliko mwanzo na nyuma ndo kinavuka kabisa kila akipiga hatua.

Sasa hilo tatizo la kubana mbele na kupwaya nyuma kwa wakati mmoja ndo ntaliongelea sana humu, maana ukilielewa hilo umeelewa karibu kila kitu kuhusu saizi za mchuchumio.

Kwanza elewa mguu unafanyaje ukinyanyuliwa

Ukivaa flati mguu umelala sawa na ardhi, uzito mwingi uko kisiginoni na hakuna kinachousukuma kwenda mbele. Ukivaa skuna mguu umewekwa kwenye mteremko, kwahiyo uzito wako wote unausukuma ushuke mbele mpaka kitu fulani kiuzuie. Kinachotakiwa kuuzuia ni kiatu kushika vizuri pale pana mbele, yani pale kwenye vifundo vya vidole, ile sehemu unayosimamia ukitaka kuchungulia juu ya ukuta. Kiatu kikiwa kipana pale, mguu unapita tu unaendelea kushuka mpaka vidole vinagonga ncha, na kuanzia hapo vidole vyako ndo vimekuwa breki. Ndo maana mbele unaumia na nyuma pamebaki nafasi, mguu haujawa mrefu wala mfupi, umehama tu.

Kwahiyo ukiona dalili hizo mbili pamoja, kiatu mara nyingi ni KIKUBWA, sio kidogo. Ukipanda namba unaongeza urefu lakini pia unaongeza upana na mzunguko, maana viwandani vyote vinakua pamoja, breki inalegea zaidi, mguu unashuka zaidi. Wauzaji wengi hili hawalijui au wanalijua wanakaa kimya kwasababu 38 zimeisha.

Kitu cha pili, mguu wenyewe unabadilika umbo. Simama peku, nyanyua visigino taratibu huku unaangalia upande wa ndani wa mguu kwenye kioo. Utaona lile tao linapanda juu. Vidole vikikunjwa kwenda juu, ule mshipa mgumu uliopita chini ya unyayo unavutwa, unakisogeza kisigino karibu na vifundo vya vidole, mguu unafupika kidogo. Kwa mtu mwenye tao refu na mguu laini unafupika zaidi, kwa mwenye mguu bapa mgumu haionekani sana. Ndo sababu mojawapo watu wengine wakipanda kisigino wanashuka nusu namba na wengine wanabaki palepale.

Cha tatu, na hiki ndo hakisemwi kabisa: skuna ina sehemu moja tu ya kukunjika. Katikati ya soli, chini ya tao, kuna kipande cha chuma kimefichwa ndani ili kiatu kisivunjike mgongo, hapo hapakunji. Kinakunja mbele tu, pale ambapo yule aliyechonga kalibu aliamua vifundo vya vidole vikae. Flati au raba inakunjika popote utakapo, inakusamehe. Skuna haikusamehei, vifundo vyako visipokaa pale penye mkunjo basi hata urefu ukiwa sawa kiatu sio chako.

Kwahiyo kwenye skuna urefu wa kuangalia kwanza ni kutoka kisigino mpaka kifundo cha kidole gumba. Urefu mpaka ncha ya kidole unakuja wa pili.

Jipime: vipimo vitatu, jioni

Fanya jioni, baada ya kutwa nzima ya kutembea, mguu ukishavimba kidogo, maana sherehe nazo ni jioni. Unahitaji karatasi, kalamu, rula na futi kamba ile ya fundi cherehani. Pima miguu yote miwili, karibu kila mtu ana mmoja mkubwa kuliko mwenzie.

Kipimo cha kwanza ni urefu wa kawaida. Weka karatasi chini inagusa ukuta, simama kisigino kikigusa ukuta, uzito umegawanya miguu yote, mtu mwingine akuwekee alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengine ni cha pili sio gumba) kalamu ikiwa imesimama wima, sio imelala, ikilala inakuibia milimita kadhaa. Usijipime ukiwa umeinama mwenyewe, ukiinama uzito unahama na namba inabadilika.

Kipimo cha pili, hapohapo bila kusogea, weka alama upande wa ndani pale kifundo cha kidole gumba kilipojitokeza zaidi. Pima kutoka ukutani mpaka usawa wa hiyo alama. Hiki ndo kipimo kikuu. Kwa watu wengi kinaangukia karibu robo tatu ya urefu wote, pungufu kidogo, ila "wengi" sio wewe, pima.

Kipimo cha tatu ni mzunguko, na hiki kinapimwa mguu ukiwa umenyanyuliwa. Panga vitabu au matofali ya mbao urefu sawa na kisigino unachotaka kununua, panda juu kwa visigino, vifundo vya vidole vibaki chini sakafuni, shika ukuta usianguke, mtu akuzungushie futi kamba kwenye vifundo, sehemu pana kabisa. Linganisha na ukiwa bapa chini. Kama umeongezeka waziwazi mguu wako unatanuka ukibeba uzito, na viatu vyembamba vya mbele vitakutesa hata namba ikiwa sahihi. Kama haujaongezeka au umepungua wewe ni wa kuteleza, tafuta vinavyoshika.

Ukishapata urefu, namba ya Ulaya unaikadiria hivi:

`namba = (urefu wa mguu kwa sm + 1.5) × 1.5`

Mguu wa sentimita 24 unatoa 38.25, yani 38. Hiyo 1.5 ya kwenye mabano ni nafasi ya kupumua, viwanda vinatofautiana, wengine wanaweka moja tu wengine mbili, ndo maana 38 ya huku sio 38 ya kule. Kutoka namba moja ya Ulaya hadi nyingine ni milimita 6.7 hivi. Ya Uingereza ni milimita 8.5 kwa namba nzima, ndo maana wao lazima wawe na nusu.

Viatu vingi vinavyoshuka Kariakoo kutoka China vina mtindo wao, kwenye soli utakuta kitu kama `235(1.5)`. Hiyo 235 ni urefu wa MGUU kwa milimita, sio wa kiatu, na hiyo ya kwenye mabano ni daraja la upana. Ukichukua sentimita mara mbili ukatoa 10 unapata namba yao, 23.5 inakuwa 37. Kwenye 38 mpaka 40 inaendana na ya Ulaya, lakini wenye miguu midogo waangalie, mguu wa 22.5 kwa China ni 35 na kwa Ulaya ni kama 36. Ukiona namba ya milimita iamini hiyo kuliko 36, 37 iliyobandikwa kwenye boksi.

Mfano: dada na mdogo wake, miguu sentimita 24 wote

Hawa wawili wanabadilishana raba na ndala nyumbani, wote 38 bila ugomvi. Wanataka skuna moja ya aina ileile, imefungwa mbele, kisigino sentimita 9, kwa ajili ya harusi.

Tukiwapima, dada mkubwa kutoka kisigino hadi kifundo ni sentimita 17, yani ana vidole virefu na unyayo mfupi. Mdogo wake ni 17.8, unyayo mrefu, vidole vifupi. Urefu wote ni 24 kwa 24.

Tunachukua ile skuna namba 38, tunaingiza futi kamba ndani, tunailaza kwenye soli ya ndani kufuata mteremko kuanzia nyuma kabisa hadi pale penye mkunjo, tunapata 17.3. (Mkunjo unaupata kwa kukamata kisigino na ncha, unakikunja kidogo, panapovunjika ndo hapo.) Dada mkubwa yuko milimita 3 nyuma ya mkunjo, sawa tu, na kwa kuwa mguu ukinyanyuliwa unafupika na kuteleza mbele kidogo, atakaa vizuri. Yeye 38 ni yake, na kama kiatu ni kipana hata 37 na nusu anaingia, alimradi vile vidole virefu visigonge ncha.

Mdogo mtu kwenye hiyohiyo 38, kifundo chake kinapita mkunjo kwa nusu sentimita. Kifundo kimekaa pale kiatu kinapoanza kuwa chembamba kuelekea ncha, kwahiyo atasema kinambana upande, atadhani mguu wake ni mpana. Sio mpana. Na kwenye tao patakuwa na uwazi, kiatu hakimgusi, uzito wote unakwenda mbele. Tukipanda 39, mkunjo unasogea kama milimita 5, unafika 17.8, umemkuta palepale. Mbele ya vidole vyake vifupi patabaki nafasi na hilo halina shida kabisa, ncha tupu haimdhuru mtu. Shida ni kwamba 39 imeongezeka mzunguko pia, kwahiyo anabandika sponji nyembamba chini ya vifundo, breki inarudi.

Urefu mmoja, kiatu kimoja, namba mbili tofauti. Na kwenye flati wasingejua maisha yao yote.

Usidanganywe na rula ya muuzaji wa mtandaoni

Mara nyingi utauliza "urefu wake sentimita ngapi" na muuzaji anakupigia picha rula imelala chini pembeni ya kiatu. Kwenye flati sawa. Kwenye skuna hicho kipimo hakikusaidii kitu, maana kiatu kimeinama. Chukua hesabu ya pembetatu tu: unyayo wa 17.5 kutoka kisigino hadi kifundo, ukiunyanyua nyuma kwa sentimita 9, ukiupima chini sakafuni unabaki kama 15. Zimepotea sentimita mbili na nusu na kiatu hakijapungua hata kidogo. Mwambie apime ndani, kwa futi kamba, kufuata soli. Akikataa, nenda dukani mwenyewe.

Na urefu wa kisigino nao usiusome kijuujuu. Kama mbele kuna raizoni ya sentimita 3 na kisigino ni 12, mteremko wako ni wa 9, ndo huo unaousukuma mguu. Alafu kisigino kilekile cha 9 hakiko sawa kwa watu wote: mwenye namba 36 unyayo wake ni mfupi kwahiyo anasimama kwenye mteremko wa kama nyuzi 33, mwenye 41 anapata kama 28. Shosti yako mrefu akikwambia "hivi havichoshi" muulize kwanza anavaa namba ngapi.

Aina ya kiatu inabadilisha jibu

Zile zilizofungwa mbele mviringo, anza na namba yako ya flati na ujaribu pia nusu chini. Zilizochongoka, ile ncha ni urembo, vidole havifiki kule, kwahiyo kinachoamua ni pale vidole vinapoanza kubanwa kwa upande. Wengi wanapanda nusu au namba nzima, halafu wanaziba mbele. Mwenye kifundo cha gumba kilichotokeza sana hata akipanda namba mbili haitamsaidia, atafute umbo lingine.

Sandozi za kisigino zenye mkanda wa kifundo cha mguu, baki na namba yako au shuka nusu, maana mbele hakuna ukuta wa kuzuia, vidole vikichungulia nje ya soli ukivaa dakika kumi ujue mkanda wa mbele umelegea. Buti fupi zenye zipu au kamba ndo zenye huruma kuliko zote, zinakushika juu ya mguu, hauteleze, unaweza kuongeza nusu ukavaa na soksi. Zile za wazi nyuma zinasumbua kwa sababu hakuna kinachokurudisha, zijaribu kwa kushuka ngazi sio kwa kupanda.

Dukani sasa

Vaa vyote viwili, simama, usikae kwenye kile kiti ukanyoosha mguu unajisifu, ukikaa kila kiatu kinakutosha. Kabla ya kutembea pitisha kidole nyuma ya kisigino, kisiingie au kiingie kwa shida. Gusa kwa mkono upande wa ndani, kifundo cha gumba kiwe pale kiatu ni kipana zaidi. Mwambie mtu ajaribu kupitisha karatasi chini ya tao kutoka pembeni, ikipita yote kirahisi kiatu hakikubebi katikati na mbele utalia.

Tembea kwenye vigae, sio kwenye zulia, zulia linashikilia kiatu na linakudanganya. Zunguka duka mara kadhaa, shuka ngazi kama zipo, halafu simama pima tena nyuma kwa kidole. Kama nafasi imeongezeka kuliko mwanzo mguu umeteleza. Hapo omba kwanza sponji ya mbele, ujaribu kiatu hichohicho kabla hujaomba namba nyingine. Sponji ikimaliza tatizo, namba ilikuwa sawa. Ukiweka sponji vidole vikabanwa kwa juu, basi umbo sio lako. Watu wengi wanakimbilia kile kibandiko cha nyuma ya kisigino, ila kama mguu unateleza, kile kibandiko kinausukuma mbele zaidi, kinafaa tu pale ambapo mbele umeshikwa vizuri na kisigino chako ni chembamba.

Mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia miguuni asitumie "nasikia kiko sawa" kama kipimo, apime kwa macho na vidole vya mkono, na skuna ya kubana asiiguse.

Ngozi halisi inatanuka kwa upana, fundi anaweza kuiongezea kidogo kwa kalibu ya kutanulia. Urefu hauongezeki, asikudanganye mtu. Zile za plastiki zinazofanana na ngozi hazitanuki kwa maana yoyote, zinalegea zikipata joto zikipoa zinarudi, kwahiyo kikibana dukani ndo kitakavyobana ukumbini.

Mtumba una faida moja ambayo dukani hakuna: angalia soli ya ndani, mwenye nacho wa kwanza ameacha alama, pana weusi na kijishimo pale kifundo chake cha gumba kilipokuwa kinakandamiza. Vaa, simama, vua, angalia kama kifundo chako kinatua hapohapo. Kikitua mbele au nyuma kwa zaidi ya nusu sentimita kiache hata kama ni 38 na bei ni ya kutupa, maana kile kiatu kimeshaumbika kwa mguu wa mwingine.

Na ukishanunua usimpelekee fundi akukatie kisigino kwa kuona ni kirefu sana. Sentimita moja sawa, akizidisha hapo ncha ya mbele inanyanyuka juu, kiatu kinaegemea nyuma, mkunjo unahama kutoka pale ulipoupima na hiyo namba uliyohangaika kuitafuta haina kazi tena.